Saa haisomi moyo? Usianze kwa kuilaumu ngozi

Kwenye jimu za Umoja, Donholm na Buruburu kuna lawama ambayo husemwa kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kutoa hukumu: hizi saa za kupima mapigo ya moyo ziliundiwa Wazungu, na ngozi yetu nyeusi hazina habari nayo. Atakayebisha huonyeshwa ushahidi papo hapo. Saa inaandika vistari viwili mahali pa namba. Au inasema 171 ilhali mwenyewe anatembea tu kutoka stejini, akipiga gumzo.

Lawama hiyo ina ukweli ndani yake, nami sitauficha. Ila nimeona ngozi ikibebeshwa makosa ambayo si yake. Mara nyingi mkosaji ni tatuu, au ni baridi ya Julai, au ni mkanda uliolegea kwenye mkono unaotikisika. Tofauti kati ya wakosaji hawa si ya kubishania tu, kwa sababu kila mmoja ana dawa yake, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Geuza saa uitazame tumboni. Utaona vijitaa vinavyometameta kijani, na pembeni yake vioo vidogo vyeusi ambavyo ni vipokezi vya mwanga. Kazi yake si ya ajabu. Kijitaa kinamulika ngozi, mwanga unaingia kina kisichozidi milimita moja hivi, sehemu yake inamezwa na damu na sehemu nyingine inarudi kwenye kipokezi. Moyo unapopiga, damu huongezeka kidogo kwenye mishipa midogo ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Kati ya pigo na pigo, damu hupungua na mwanga huongezeka. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko. Njia hii si mpya. Mtafiti Mmarekani Alrick Hertzman aliieleza katika miaka ya 1930, na vifaa vya hospitali vimeitumia muda mrefu kabla haijafika mkononi mwa mwendesha boda.

Kijani kilichaguliwa kwa sababu himoglobini, yaani ile kemikali inayoipa damu rangi yake, inakimeza vizuri sana. Jioni umeme ukipotea mtaani, washa tochi ya simu na uifunike kwa kidole. Tochi ni nyeupe, lakini ncha ya kidole inang'aa nyekundu, kwa kuwa mwanga mwekundu umepenya na ule wa kijani umebaki ndani, umemezwa. Kwa hiyo badiliko dogo la damu huonekana wazi zaidi kwenye kijani. Na kwa vile kijani hakiendi mbali ndani ya nyama, hakivurugwi sana na misuli na mishipa mikubwa mkono unapotingishika. Ndiyo sababu saa nyingi hutumia kijani wakati wa mazoezi.

Tatizo ni kwamba melanini nayo inakipenda kijani. Melanini imekaa kwenye tabaka la juu la ngozi, juu ya mishipa ya damu, na mwanga sharti uipitie mara mbili, unapoingia na unapotoka. Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme kwenye ngozi isiyo na rangi kabisa kipokezi kingepata sehemu 1,000 za mwanga, na mpigo wa moyo unazitingisha kwa sehemu 10, yaani asilimia moja. Mpigo kwa kawaida ni mdogo namna hiyo, hata kwa mtu mwenye afya njema. Sasa tuweke ngozi inayopitisha nusu tu ya mwanga kila upande. Nusu inaingia, na nusu ya iliyobaki inatoka. Kipokezi kinapata 250. Na mpigo? Umeshuka hadi sehemu mbili na nusu.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Mpigo umepungua, lakini bado ni asilimia moja ya mwanga uliorudi. Melanini haidundi. Imepunguza kila kitu kwa kiasi kilekile, na kwa hiyo saa ikiongeza nguvu ya kijitaa mara nne inarudi pale pale ilipokuwa: 1,000 na 10. Saa nzuri hufanya hivyo yenyewe bila kukuuliza. Gharama yake ni betri, maana kijitaa kinachowaka kwa nguvu hula chaji zaidi. Shida halisi huanza pale saa ina vijitaa dhaifu, au mtengenezaji ameubana mwanga ili ajivunie betri ya wiki mbili. Hapo ngozi nyeusi sana huishia kwenye mpigo mwembamba unaokaribiana na kelele za umeme za kifaa chenyewe.

Tafiti zinaendana na hesabu hii kwa kutokubaliana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba kwa watu 60, wakaona makosa yakiwa makubwa zaidi kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, na pia kwa wenye kifundo kinene cha mkono. Miaka mitatu baadaye wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke waliwachukua watu 53, wakahakikisha kila kundi la rangi ya ngozi limewakilishwa, nao hawakuona tofauti ya maana iliyotokana na rangi. Walichokiona ni kwamba makosa wakati wa kujishughulisha yalizidi yale ya kupumzika kwa asilimia 30 hivi, na kwamba kifaa kimoja hakifanani na kingine. Mimi nasoma tafiti hizo mbili hivi: ngozi nyeusi inaipunguzia saa akiba yake, haiizuii kusoma. Mtu wa Eastlands aliyekaa kitini, mwenye mkono wenye joto na saa ya wastani iliyobanwa sawasawa, atasomwa. Lakini akianza kukimbia na mikono ya baridi, yeye ndiye atakayepotezwa mapema kuliko mwenzake mweupe, kwa sababu akiba yake ilikwisha kutumika.

Tatuu ni jambo jingine kabisa. Wino wa tatuu haukai juu ya ngozi. Sindano huuteremsha hadi tabaka la pili, ambako ndiko vile vimishipa vinavyodunda viliko. Wino mweusi, ambao kwa kawaida ni wa kaboni, humeza mwanga wa kila rangi. Hapo kuongeza nguvu ya kijitaa hakusaidii sana, maana unaweza kumulika hadi mwisho wa uwezo na kipokezi kikabaki gizani. Ulimwengu uligundua hili kwa kishindo mwaka 2015. Saa ya Apple iliingia sokoni tarehe 24 Aprili mwaka huo, na siku chache baadaye wenye mikono iliyojaa wino walianza kulalamika kwamba saa haisomi moyo, na mbaya zaidi inajifunga kila mara ikidhani imevuliwa. Kampuni iliishia kuandika kwenye maelekezo yake kwamba rangi, mchoro na ujazo wa wino wa baadhi ya tatuu vinaweza kuzuia mwanga.

Maneno hayo matatu yana maana kubwa kuliko yanavyoonekana. Jina lililoandikwa kwa herufi nyembamba, lenye ngozi tupu katikati, huenda lisilete shida yoyote. Bangili nzima iliyojazwa wino mweusi itashinda karibu kila saa. Wino mwekundu unadanganya: kwa macho unaonekana mwepesi, lakini kitu huonekana chekundu kwa sababu kimemeza kijani, na kijani ndicho hasa saa inachokihitaji. Tatuu ya waridi jekundu inaweza kuwa mbaya kuliko michoro ya kijivu iliyofifia.

Kuna wanaobandika kibandiko cha plastiki angavu chini ya saa, wakaapa kwamba imepona. Kilichopona mara nyingi ni ile tabia ya kujifunga tu. Kibandiko kinarudisha mwanga kwenye kipokezi, saa inaamini ipo mkononi, na hapo inatulia. Ila mwanga huo umerudi kutoka kwenye plastiki. Haujakutana na damu, na hauna mpigo wowote ndani yake. Ukiona namba baada ya hapo, ihesabu kwa vidole kabla hujaiamini.

Eastleigh na Pangani swali huja kwa sura nyingine, msimu wa harusi. Hina na piko hukaa kwenye ngozi ya juu kabisa, ile inayobanduka yenyewe ndani ya wiki mbili tatu. Hina ya kawaida, ya rangi ya machungwa, hupunguza mwanga kiasi, na bibi harusi ambaye saa yake imeanza kusitasita anaweza kuitelezesha hadi mahali ambapo ua halikufika. Piko nyeusi iliyokolezwa ni nzito zaidi. Kwa zote mbili subira ni dawa tosha, faraja ambayo mwenye tatuu hana. Yeye dawa yake ni moja: kuihamisha saa.

Na sasa baridi, ambayo ndiyo ningeiweka juu ya orodha kama ningelazimishwa kupanga. Watu wa nje hucheka wakisikia Nairobi kuna baridi. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, kukiwa na ukungu na umande. Mwili ukihisi hivyo hubana mishipa midogo ya ngozi, hasa ya mikono na miguu, ili joto libaki kifuani na tumboni. Ngozi chini ya saa inabaki na damu kidogo inayodunda.

Turudi kwenye hesabu yetu. Kwa mkono wa baridi, mwanga unaorudi unaweza kuwa ule ule 1,000, lakini mpigo umetoka 10 ukawa 2. Saa ikiongeza mwanga mara nne inapata 4,000 na 8. Inaonekana kama ushindi, sivyo? La. Mkono ukitikisika, saa inapanda na kushuka juu ya ngozi, na mtikisiko huo nao unaukuza na kuupunguza mwanga wote, si mpigo peke yake. Ulichoongeza kwenye mpigo umekiongeza pia kwenye kelele za mtikisiko. Na kipokezi nacho kina kiwango cha mwisho cha mwanga kinachoweza kupokea. Kwa hiyo melanini hutibika kwa mwanga, ila baridi haitibiki kwa mwanga. Inatibiwa kwa joto peke yake. Saa ya bei ghali haiwezi kuipasha damu yako moto.

Hapa nitamleta kijana mmoja wa Kayole, mwendesha boda, ambaye amekusanya matatizo yote matatu mwilini mwake. Ngozi yake ni nyeusi ya kung'aa. Mkono wa kushoto umezungukwa na tatuu nyeusi ya upana wa vidole vitatu, na katikati yake pameachwa jina la mamake. Jumapili alfajiri hukimbia na wenzake Spine Road kuelekea Komarock. Alinijia akiwa amekasirika. "Mzee, hii saa wameniuzia feki," akaitupa mezani.

Tulianza mchana, jikoni kwake, akiwa ameketi. Saa mkono wa kushoto: vistari, kisha 48, kisha 96, kisha vistari tena. Nikamwambia atafute mshipa wake upande wa kidole gumba, kwa vidole viwili vya katikati, asitumie gumba kwa sababu gumba lina mpigo wake. Akahesabu mapigo 34 kwa nusu dakika, yaani 68. Tukahamisha saa mkono wa kulia, usio na wino, vidole viwili juu ya kile kifupa cha kifundo cha mkono, tukabadilisha pia mpangilio wa saa ili ijue imehama mkono. Ikasema 67, ikatulia, ikasema 69. Ngozi ni ile ile, saa ni ile ile, mtu ni yule yule. Basi ngozi ilikuwa imeachiliwa huru, na saa pia. Mwenye hatia mezani hapo alikuwa wino peke yake.

Jumapili akakimbia na saa mkono wa kulia. Dakika za kwanza ikamwandikia 166, naye alikuwa akizungumza na wenzake bila kukatizwa na pumzi. Mtu anayeongea kwa raha hivyo hayuko 166. Akasimama, akahesabu mara moja shingoni, upande mmoja tu na bila kukandamiza, akapata 30 kwa sekunde 15, ambayo ni 120. Ile 166 ilitoka wapi? Aliporudi barabarani alihesabu mguu wa kulia unavyogusa chini kwa dakika moja: mara 83. Zidisha kwa miguu miwili na unapata 166 kamili. Saa ilikuwa ikihesabu hatua zake.

Hili ndilo kosa ambalo ningependa kila mkimbiaji wa Jogoo Road alijue, kwa kuwa linajificha vizuri. Namba inaonekana ya kweli, haiyumbi, na inapendeza machoni mwa mtu anayetaka kuamini amejituma. Mkono unapobembea, saa inatikisika kwa mpangilio ule ule wa hatua. Mpigo wa moyo ukiwa mwembamba kwa sababu ya baridi, mtikisiko ndio unaosikika kwa nguvu, na programu ya saa, ambayo kazi yake ni kutafuta kinachojirudia, inaushika huo. Dalili zake ni mbili. Namba hupanda ghafla mwanzoni kabisa mwa mbio, kabla moyo haujapata muda wa kupanda. Halafu inagandia kati ya 160 na 180, ambako hatua za wakimbiaji wengi ndiko ziliko. Kwa kijana wetu, baada ya dakika kama kumi na mbili namba ilianguka yenyewe hadi 138. Hakuwa amepunguza mwendo. Mikono ilikuwa imepata joto, damu imefika kwenye ngozi, na mpigo wa kweli umeushinda mtikisiko. Vidole vyake vilikubaliana na 138.

Mara iliyofuata tulibadilisha mambo machache tu. Aliruka kamba ndani ya uwanja wa ploti hadi vidole vikaacha kuwa baridi, ndipo akaanza kurekodi. Mkono wa jaketi aliushusha juu ya saa, kwani kitambaa huhifadhi joto na pia huzuia mwanga wa jua au wa taa za barabarani usiingie kando. Mkanda akauvuta tundu moja zaidi. Kipimo chake ni hiki: ukiisukuma saa kwa kidole, ngozi isogee pamoja nayo, saa isiteleze juu ya ngozi. Ila ukiivua ukakuta imechora shimo jekundu, umepitiliza, kwa sababu umevibana vile vimishipa na kuifukuza damu uliyotaka kuipima. Baada ya mazoezi legeza.

Na akafuta mafuta. Jambo hili ni dogo mno kiasi kwamba hakuna anayelitaja, lakini Julai Eastlands nzima imejipaka mafuta ya mgando kwa sababu ya ukavu wa ngozi, na yale mafuta yakichanganyika na vumbi na jasho hutengeneza utando kwenye kioo cha saa. Utando huo unarudisha mwanga kabla haujaingia, na unaifanya saa iteleze. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinatosha. Paka mafuta baada ya mazoezi.

Ile 166 ya uongo haikurudi, isipokuwa kwa muda mfupi alipokuwa akiteremka kwa kasi. Kazini lakini ni hadithi nyingine. Juu ya pikipiki mikono iko mbele kwenye upepo, kifundo cha mkono kimekunjwa kwenye usukani kikibana mishipa, na injini pamoja na mashimo ya barabara vinatetemesha kila kitu. Humo saa yake huandika vistari nusu ya safari, na sijui njia ya kuirekebisha ambayo haihusishi kuegesha pikipiki. Glavu ndefu husaidia kidogo. Mtu anayetaka kujua moyo wake unafanya nini kutwa nzima juu ya boda asikitegemee kijitaa cha kijani mkononi.

Kuna sehemu bora mwilini kuliko kifundo cha mkono, na wauzaji wa saa hawana sababu ya kukuambia. Mkono wa juu, kati ya kiwiko na bega, una nyama nyingi, haubembei sana, na hupoa polepole kuliko kifundo hicho. Ndiyo maana kuna vihisi vya mwanga vya kufunga hapo kwa bendi ya kitambaa. Vinatumia njia ile ile ya kijani, lakini vimewekwa pazuri. Mwenye tatuu za mkono mzima, kuanzia begani hadi vidoleni, hilo halimsaidii. Yeye aende moja kwa moja kwenye mkanda wa kifuani.

Mkanda wa kifuani hautumii mwanga. Unasikiliza umeme wa moyo wenyewe, kama mashine ya hospitali inayochora mistari, ingawa kwa urahisi zaidi. Ulianzia Finland, ambako Seppo Säynäjäkangas aliasisi kampuni ya Polar mwaka 1977 akitaka kuwapima wanariadha wa kuteleza kwenye theluji. Watu hao kuhusu baridi ya mikono hawahitaji kuelezwa. Umeme haujali melanini, wala hauzuiwi na tatuu ya kifuani. Mkanda una masharti yake, na moja huwashinda wengi: lazima uloweshe zile sehemu mbili za mpira zinazogusa ngozi, kwa maji ya bomba tu. Ukiuvaa mkavu alfajiri ya baridi utakupa namba za kichaa kwa dakika kadhaa hadi jasho litoke, nawe utarudi kulaumu ngozi. Kijana wa Kayole aliazima mmoja kwa kocha wake. Kwenye mwendo wa kawaida ulikubaliana na saa ya mkono wa kulia kwa tofauti ya pigo moja au mawili. Kwenye mbio fupi za kasi saa ilichelewa kupanda na ikachelewa kushuka. Kwa anayekimbia polepole Jumapili tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayefanya mazoezi ya vipande vya mita 200 uwanja wa Camp Toyoyo, ni kubwa.

Yote niliyosema hadi hapa ni ya mapigo ya moyo. Saa nyingi hutoa pia namba ya pili, asilimia ya oksijeni kwenye damu, na kwa namba hiyo siwezi kuitetea mashine kwa ujasiri ule ule. Hesabu ya oksijeni hulinganisha rangi mbili za mwanga, nyekundu na ile isiyoonekana ya joto, na melanini haizipunguzi hizo mbili kwa kiasi sawa. Ile faraja yetu ya kwamba kila kitu kimeshuka pamoja inavunjika. Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha matokeo kutoka vipimo vya vidole vya hospitali, vifaa vilivyo imara kuliko saa. Miongoni mwa wagonjwa ambao kipimo kilisema wako kati ya asilimia 92 na 96, Weusi karibu 12 katika kila 100 walikuwa na oksijeni halisi chini ya 88. Kwa Weupe walikuwa chini ya 4. Kosa hilo ni la upande wa hatari, kwa sababu linamwambia mgonjwa kuwa yuko salama.

Wakati wa korona familia nyingi za Eastlands zilinunua vile vipimo vya kidole kwenye maduka ya dawa, na bado viko kwenye droo. Havifai kutupwa. Pima ukiwa mzima, kidole kikiwa na joto na kucha hazina rangi, ili ujue namba yako ya kawaida katika mwinuko huu wa Nairobi. Mgonjwa akishuka pointi tatu nne chini ya kawaida yake, au akipumua kwa shida huku kifaa kikisema 95, mpeleke kituo cha afya bila kujadiliana na kifaa. Ya saa ya mkononi, mimi binafsi siitazami kwa jambo lolote la ugonjwa.

Mwisho, kwa wanaoelekea Luthuli kununua. Wauzaji hupenda kuonyesha kwamba saa inatoa namba mara tu inapogusa mkono, na wanunuzi wajanja hujibu kwa kuifunga kwenye karatasi ya choo iliyokunjwa. Ikitoa 74 wanapiga kelele kwamba ni feki. Majaribio yote mawili hayathibitishi kitu. Hata kihisi cha kweli kinaweza kuona mpigo kwenye karatasi, kwa kuwa programu yake imefundishwa kutafuta kinachojirudia na mtetemo mdogo wa meza au wa taa za dukani unatosha. Mtihani ni mabadiliko. Vaa saa mkono usio na wino, kaa, hesabu kwa vidole nusu dakika, linganisha. Kisha panda ngazi za jengo hadi ghorofa ya tatu kwa haraka, simama, hesabu tena papo hapo. Saa ya kweli itakuwa imepanda pamoja nawe na itashuka pamoja nawe ukipumzika, ikiwa imechelewa sekunde chache. Ile iliyobaki kwenye 78 wakati vidole vyako vinahesabu 124 irudishe kwenye boksi, hata kama muuzaji ameanza kukueleza habari za ngozi yako.